Mwongozo Usiwe Pingu: Dhamana ya Polisi kwa Mkazi wa Ng'ambo ya Mpaka



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jibu moja ambalo mwananchi anaweza kupewa kwenye kaunta ya kituo kabla hajamaliza kueleza haja yake. Jibu lenyewe ni hili: "Huo ndio utaratibu wetu." Ni jibu fupi, na mara nyingi ni jibu la kweli, kwa maana utaratibu huo upo, tena huenda umeandikwa na kubandikwa ukutani. Hata hivyo, sheria ya Uganda, kama ilivyo sheria ya nchi zote zilizorithi mfumo wa mahakama za Kiingereza, haiyahesabu maneno hayo kuwa jibu la kutosha pale ambapo ofisa amepewa uwezo wa kuamua. Tutalieleza jambo hili kwa njia ya dhamana ya polisi, kwa sababu ndilo linalowagusa watu wa mpakani kwa karibu zaidi, na kwa sababu katika dhamana saa huhesabika.

Tuanze na sheria yenyewe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, inaamuru kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa, iwapo hajaachiliwa mapema, afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile isizidi saa 48 tangu alipokamatwa. Saa hizo hazisimami usiku wala hazipumziki siku ya Jumapili. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaeleza kazi ya mkuu wa kituo anapoletewa mtu aliyekamatwa bila hati. Inasema kwamba anaweza wakati wowote, na kwamba ni lazima iwapo haionekani kuwa mtu huyo ataweza kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, alichunguze shauri hilo. Na isipokuwa kosa lionekane kwake kuwa zito, amwachilie mtuhumiwa baada ya kutia saini dhamana, akiwa na wadhamini au bila wadhamini, kwa kiasi cha fedha kilicho cha haki. Makosa matatu yamewekwa nje ya mpango huo kwa majina, nayo ni mauaji, uhaini na ubakaji.

Tunaomba myashike maneno mawili katika kifungu hicho. La kwanza ni *alichunguze*. Sheria haikusema alitazame shauri kama mtu anayetazama rangi ya gari, bali alichunguze, yaani aulize, asikilize, apime. La pili ni *lionekane kwake*. Uamuzi ni wa mkuu wa kituo aliye mbele ya mtuhumiwa, siku hiyo, kwa mambo ya shauri hilo. Haukuwekwa mikononi mwa karatasi iliyoandikwa miaka miwili iliyopita na mtu ambaye hakumwona mtuhumiwa huyu wala kumsikia. Uwezo huo wa kuamua ndio tunaouita hiari. Hiari si ruhusa ya kufanya upendavyo. Ni wajibu wa kupima, na mtu aliyekabidhiwa mizani hawezi kuifungia kabatini kisha akadai kuwa amepima.

Sasa tuweke mfano mbele yetu. Ni mfano tulioutunga kwa ajili ya mazungumzo haya, wala haumhusu mtu yeyote wala kituo chochote. Tuseme kituo kimoja cha mpakani kimejiwekea kanuni hii: *Mkazi wa ng'ambo ya mpaka hapewi dhamana ya polisi.* Sababu yake si ya kijinga. Watuhumiwa kadhaa waliachiliwa, wakavuka, wasirudi tena. Walalamikaji wakaja kulia kituoni, na wapelelezi wakabaki na majalada yasiyo na mtu wa kushtakiwa. Mkuu wa kituo akaona afadhali afunge mlango.

Ijumaa, saa kumi alasiri, analetwa mama mmoja muuza mitumba. Anaishi upande wa Kenya, lakini meza yake iko soko la upande wa Uganda, na ameikalia kwa miaka 11. Aligombana na jirani yake wa soko kwa ajili ya deni, na katika ugomvi huo kabati la vioo la jirani likavunjika. Anatuhumiwa kuharibu mali kwa makusudi. Hajawahi kukamatwa. Kaka wa marehemu mumewe ana shamba na nyumba upande wa Uganda, na amekuja kituoni pamoja na mwenyekiti wa kijiji chake, tayari kumdhamini. Mwenyekiti wa soko naye yupo, na daftari la ushuru analo mkononi.

Tuhesabu saa. Saa 24 zinatimia Jumamosi saa kumi alasiri. Saa 48 zinatimia Jumapili saa kumi alasiri. Tuseme hakuna hakimu atakayeketi hadi Jumatatu saa tatu asubuhi. Iwapo mama huyu atazuiliwa mpaka hapo, atakuwa amekaa mahabusu saa 65, yaani saa 17 zaidi ya kile ambacho Katiba imekiruhusu kwa mtu yeyote, hata aliyeshukiwa kuua. Hali yake basi ni ile hasa ambayo sheria iliifikiria iliposema kwamba mkuu wa kituo *ni lazima* alichunguze shauri. Shemeji yake anamsogelea mkuu wa kituo na kusema, "Afande, tunaomba kumdhamini mama huyu." Anajibiwa, "Mama huyu ni wa ng'ambo. Sisi wa ng'ambo hatuwapi dhamana." Shemeji anaendelea, "Lakini Afande, mimi ni wa hapa hapa, na meza yake—" Anakatizwa: "Mzee, huo ndio utaratibu wetu."

Kosa liko wapi? Msidhani kosa ni kwamba mkuu wa kituo alijali suala la ukazi. Ukazi una uzito wake. Sheria zinazoongoza mahakama za Uganda katika dhamana zinaitaja wazi: hakimu na jaji huangalia kama mshtakiwa ana makao ya kudumu ndani ya eneo la mahakama, na Mahakama Kuu huangalia pia kama kwa kawaida anaishi nje ya Uganda na kama ana wadhamini wa kutegemewa. Lakini zingatieni namna sheria ilivyoutaja ukazi. Imeutaja kuwa jambo moja la kupimwa pamoja na mengine, kama vile uzito wa tuhuma na mwenendo wa mtu huko nyuma. Haikuufanya kuwa ukuta. Kanuni ya kituo chetu cha mfano imelichukua jambo hilo moja, ikalitenga na wenzake, ikalifanya kuwa shauri zima. Zaidi ya hayo, Bunge lilitaja makosa matatu tu kwa majina, na kituo kimeongeza kundi la nne, ambalo si la kosa bali la mahali mtu anapolala. Mkuu wa kituo hana uwezo wa kutunga sheria.

Ubovu wa kanuni hiyo huonekana vizuri zaidi ukiwaweka watu wengine wawili kando ya mama wa mitumba. Wa kwanza naye anatoka ng'ambo, ametuhumiwa kosa lile lile, lakini ametoa majina matatu tofauti tangu alipokamatwa, hakuna amjuaye sokoni, na simu ya mdhamini aliyemtaja haipokelewi. Wa pili ni mkazi wa mtaa wa karibu na kituo, ana kitambulisho cha taifa, ila amekwisha kuruka dhamana mara mbili. Kanuni inasema nini juu yao? Kwa wa kwanza na mama wa mitumba inasema neno moja, kana kwamba hali zao zinafanana. Kwa yule mruka dhamana haisemi kitu kabisa. Huyo anapita mlangoni bila kuulizwa, kwa kuwa analala upande huu. Kanuni iliyokusudiwa kuzuia watu wasitoroke imemzuia mtu asiye na sababu ya kutoroka, ambaye mtaji wake wote umelala juu ya meza ya soko, na imemwachilia mtoro anayejulikana. Hivyo ndivyo inavyokuwa alama moja inapofanywa kuwa badala ya swali lenyewe. Swali la kweli halikuwa "Unaishi wapi?" Swali lilikuwa "Utarudi?"

Hata hivyo tungekuwa tunawadanganya kama tungewaambia kwamba dawa yake ni kuzifuta kanuni zote za vituo. Wapo kati yenu watakaosema, na watakuwa na haki, kwamba ofisa akiachiwa apime kila shauri, atapima na mfuko wa mwombaji pia. Kanuni inayowabana wote sawasawa angalau haiulizi kitu kidogo. Hoja hiyo ni nzito. Mwongozo ulioandikwa humsaidia ofisa mpya asiyejua pa kuanzia, humpa mwananchi fununu ya kile atakachoulizwa, na husaidia mashauri yanayofanana yaamuliwe kwa namna inayofanana, awe zamu Afande huyu au yule. Kwa hiyo sheria haikatazi mwongozo. Inakataza kitu kimoja ndani ya mwongozo, na tofauti hiyo ilichorwa zamani na mahakama za Uingereza katika mashauri ambayo mpaka leo husomwa na kutegemewa katika mahakama za nchi zetu, ingawa hayazifungi.

Mwaka 1919, katika shauri la kampuni ya Kynoch dhidi ya Mamlaka ya Bandari ya London, mahakama ya rufani iliwatenga maofisa wa aina mbili. Wa aina ya kwanza ana sera yake, humweleza mwombaji sera hiyo waziwazi, humsikiliza, kisha huamua kwa kuifuata sera isipokuwa aonyeshwe kwamba shauri hili lina jambo lisilo la kawaida. Huyo hana kosa. Wa aina ya pili ameazimia kutosikiliza maombi ya namna fulani, aje nani, aje na nini. Huyo amekataa kufanya kazi aliyopewa. Aina zote mbili zinaweza kumnyima mwombaji kile anachokitaka. Kwa mtu aliyesimama nje ya mlango huenda matokeo yakaonekana sawa. Tofauti iko katika kusikiliza.

Miaka 51 baadaye, mwaka 1970, baraza la mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilikutana na shauri linalopendeza kwa sababu aliyelalamika alishindwa. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikitoa ruzuku kwa viwanda vilivyonunua mitambo, na Bodi ya Biashara, iliyokuwa na hiari ya kutoa au kutotoa, ilijiwekea kanuni ya kutotoa ruzuku kwa kifaa chochote chenye bei chini ya pauni 25. Kampuni ya British Oxygen ilinunua mitungi ya gesi ambayo kila mmoja uligharimu kama pauni 20. Mitungi ilikuwa mingi mno hata gharama yake yote ikapita pauni milioni 4. Bodi ikakataa. Jaji Reid alieleza kwamba chombo kinachopokea maombi mengi ya namna moja kinaweza kabisa kuwa na sera, hata iliyo sahihi kiasi cha kufanana na kanuni, mradi tu kisiyazibe masikio yake kwa mtu mwenye jambo jipya la kusema. Bodi ilikuwa imezipokea hoja za kampuni na kuzifikiria kabla ya kukataa, na kwa hiyo uamuzi wake ukasimama. Mitungi ya pauni 20 haikupata ruzuku.

Tunaileta habari hii kwenu kwa makusudi. Wapo watakaotoka hapa wakidhani tumesema kwamba kila mkazi wa ng'ambo lazima aachiliwe. Hatukusema hivyo. Yule mwenye majina matatu, baada ya kusikilizwa kwa haki, huenda akabaki ndani hadi afikishwe mbele ya hakimu, na hilo lazima lifanyike kabla ya saa 48 kwisha hata kama ni siku ya mapumziko. Haki anayonyimwa na kanuni ngumu si haki ya kupata jibu la "ndiyo". Ni haki ya kuwa na mtu wa kumsikia kabla jibu halijatolewa.

Kituo chetu cha mfano kingewezaje basi kuiandika kanuni yake? Tufikirie kwamba ingesomeka hivi: *Mtuhumiwa anayeishi ng'ambo ya mpaka ataombwa, kwa kawaida, kuonyesha mdhamini mwenye makao Uganda au jambo jingine linaloonyesha kwamba atarudi, mkuu wa kituo atamsikiliza yeye na wanaomwombea, na ataandika sababu za uamuzi wake.* Hofu ya watu kutoroka imehifadhiwa. Mwananchi ameambiwa nini cha kuleta. Na maneno "kwa kawaida" na "jambo jingine" yameacha dirisha wazi kwa asiye na mdhamini wa upande huu, kwa kuwa sheria yenyewe, kama mlivyosikia, inaruhusu dhamana hata bila wadhamini. Tena sehemu ya mwisho, ile ya kuandika sababu, ndiyo inayomjibu mtu anayeogopa rushwa. Ofisa anayeandika "ana meza sokoni miaka 11, mdhamini ana nyumba, hajawahi kukamatwa" ameacha alama ambayo mkubwa wake anaweza kuikagua Jumatatu. Ofisa anayeandika "wa ng'ambo" tu hakuacha chochote cha kukaguliwa. Rushwa hupenda kurasa tupu.

Ingekuwa haki pia kusema kwamba kanuni ngumu inaweza kuegemea upande wa huruma na bado ikawa mbaya. Mwaka 1968 mahakama ya rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri la Blackburn dhidi ya Kamishna wa Polisi wa London, ambaye alikuwa ametoa maelekezo ya siri yaliyofanya sheria ya kamari isitekelezwe katika vilabu vya kamari isipokuwa katika hali chache. Maelekezo hayo yaliondolewa wakati shauri likiendelea, kwa hiyo mlalamikaji hakupewa amri aliyoiomba. Lakini majaji walieleza kwamba mkuu wa polisi ana uhuru mpana wa kuamua nani akamatwe na nguvu za askari zipelekwe wapi, ila hawezi kutangaza kwamba sheria fulani haitatekelezwa kabisa. Jaji Denning alitoa mfano wa mkuu wa polisi anayeagiza kwamba hakuna mtu atakayeshtakiwa kwa wizi wa mali isiyofika pauni 100. Wafikirieni wanaolalamika kwetu kwamba wizi wa kuku au wa baiskeli haupewi hata namba ya daftari kwa kuwa "ni kidogo". Kwa ajane mwenye kuku sita, watatu si kidogo. Naye ana haki shauri lake lipimwe.

Kuna pingu nyingine ambayo haikuandikwa popote, nayo tunaifahamu sote kwa jina la "maagizo kutoka juu". Mkuu wa kituo anasema: mimi ningemwachilia, lakini mkubwa amesema asiachiliwe. Mashauri ya Kiingereza yana jambo la kusema hapa pia. Mwaka 1970, katika shauri la kampuni ya Lavender, waziri wa nyumba alikataa kibali cha kuchimba kokoto kwa sababu ya sera yake kwamba hatatoa kibali cha namna hiyo kwenye ardhi nzuri ya kilimo wakati waziri wa kilimo anapinga. Mahakama ikaona kwamba uamuzi ulikuwa wa waziri wa nyumba kwa mujibu wa sheria, lakini kwa kweli ulifanywa na waziri mwingine ambaye sheria haikumpa, na ikautengua. Katika jeshi la polisi utii ni lazima, na mkubwa ana haki ya kumshauri mdogo wake, kumpa habari asizozijua, na kumkosoa. Lakini kutia saini uamuzi ambao mtu mwingine ameufanya kwa simu bila kulichunguza shauri ni jambo jingine. Na tangu mwaka 2019 Uganda ina Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu, ambayo humfanya mtumishi wa umma anayevunja haki ya mtu awajibike yeye mwenyewe binafsi, hata kama serikali nayo inadaiwa. Saini iliyo chini ya karatasi ni ya mkuu wa kituo. Aliyepiga simu hakuandika kitu.

Mwananchi atajuaje kwamba shauri lake halikupimwa? Jibu lenyewe humwambia. Linapotolewa kabla hajasema neno, au linapokuwa sentensi ile ile aliyopewa jirani yake wiki iliyopita kwa jambo tofauti kabisa, au ofisa anaposema "mikono yangu imefungwa" bila kuonyesha sheria iliyoifunga, basi kuna shaka. Ila msikimbilie kuhukumu. Wakati mwingine mikono ya ofisa imefungwa kweli na sheria yenyewe, kwa mfano katika yale makosa matatu, na hapo hakuna hiari iliyokataliwa kwa kuwa haikuwapo tangu mwanzo. Swali la heshima la kuuliza ni hili: "Afande, tunaomba kujua, hii ni sheria au ni mwongozo wa kituo?" Likijibiwa kwamba ni mwongozo, swali la pili hufuata: "Basi tunaomba utusikilize, kwa sababu shauri hili lina mambo yake." Shemeji wa mama wa mitumba alikuwa karibu sana na maneno hayo alipokatizwa.

Mtakaokuja kudhamini, mnakuja kumsaidia mkuu wa kituo alijibu lile swali la "Utarudi?", kwa hiyo leteni kinacholijibu. Kwa mama yetu wa mfano ni daftari la ushuru wa soko, ushahidi wa nyumba ya shemeji, na mwenyekiti wa kijiji mwenyewe. Kwa anayetoka upande wa Kenya bila ndugu huku, barua ya chifu wake ina maana, ingawa haimlazimishi ofisa wa Uganda. Inaonyesha kwamba mtu huyu anajulikana kwake na anaweza kupatikana. Fedha msilete. Dhamana ya polisi Uganda hailipiwi. Kiasi kinachoandikwa kwenye fomu ni ahadi ya kile kitakachodaiwa asipofika, si ada ya kutokea mlangoni, na anayeidai taslimu anadai kitu kingine.

Kwa ndugu wa upande wa pili, mjue kwamba hesabu ya kwenu ni tofauti kidogo. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia wakati mahakama zimefungwa, basi siku ya mahakama inayofuata. Na inampa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya haki isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Mganda aliyekamatwa upande huo naye ni mtu wa ng'ambo, na sababu nzito lazima zitoke katika shauri lake yeye, si katika uraia wake peke yake.

Ikiwa mmenyimwa kusikilizwa, hatua ya kwanza ni kumwona mkuu wa polisi wa wilaya, mara nyingi siku hiyo hiyo, mkiwa na namba ya daftari la kituo. Kipo pia kitengo cha polisi kinachosimamia maadili ya maofisa, na ipo Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Juu ya hayo yote, ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu anayefika mbele ya ofisa wa utawala haki ya kutendewa kwa haki na usawa, na haki ya kwenda mahakamani kuhusu uamuzi uliotolewa dhidi yake. Ombi la Mahakama Kuu kupitia uamuzi wa ofisa linatakiwa kupelekwa mapema, na kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Mjue pia mipaka yake. Jaji anayekuta kwamba ofisa alijifunga kwa kanuni, kwa kawaida hautoi uamuzi mwingine kwa niaba yake. Hutengua ule wa kwanza na kulirudisha shauri kwa ofisa yule yule alipime upya, safari hii akiwa ametega sikio. Na akishapima anaweza, kwa sababu nzuri alizoziandika, kufika pale pale alipokuwa. Kwa mtu aliye mahabusu Ijumaa jioni, njia hiyo ni ndefu mno, na ndiyo maana tumewaeleza kwa kirefu zaidi yale yanayoweza kusemwa kwenye kaunta.

Tunajua kwamba baadhi ya wenzetu wakuu wa vituo wako hapa, wameketi safu ya nyuma. Miongozo ya vituo vyenu si siri, na wenyeviti wa vijiji wameomba wasomewe ile inayohusu dhamana na wadhamini. Tumepanga ifanyike leo, baada ya maswali, kituo kimoja baada ya kingine, kwa Kiswahili.